Hatua ya Kumi na Nne Ilikuwa na Wenyewe Wawili

Walimwita Mzee Mvuke, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na babake. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika chumba kimoja nyuma ya chumba cha upasuaji, chumba chenye masinki mawili, dirisha dogo lenye wavu, na mashine ya mvuke iliyokuwa ikipumua kama ng'ombe mwenye mafua. Vyombo vilivyotoka kwa mgonjwa mmoja vilipitia mikononi mwake kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mhudumu. Aliingia hospitalini akiwa mfagiaji, akajifunza kusoma kwa kufuatisha maandishi ya makasha ya glavu, na majina ya mikasi, makoleo na vibano akayajua kabla ya kujua kuandika jina lake mwenyewe bila kukosea.

Aliyemfundisha kazi alikuwa metroni wa zamani, mwanamke mwembamba aliyevaa kofia nyeupe iliyonyooka kama imepigwa pasi pamoja na kichwa chake. Wakati huo sindano zilikuwa za kioo na zilichemshwa. Ncha zake zikiwa butu zilinolewa kwenye jiwe laini, kisha zikajaribiwa kwa kupitishwa juu ya pamba. Ikishika nyuzi, inarudi jiweni. Glavu zilifuliwa, zikapulizwa kama puto kutafuta matundu, zikakaushwa, zikapakwa poda, zikarudi kazini. Hakikutupwa kitu kabla hakijafa kabisa. Siku hizi kila kitu kinafunguliwa, kinatumika mara moja, kinatupwa, na vijana wanaokitupa hawajui hata kilitoka wapi. Mzee Mvuke aliyatazama mapipa yakijaa na kila mara roho ilimuuma, kama mtu anayeona nyumba aliyoijenga ikibomolewa ili mtu mwingine apate kuni.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hawakuwa wamemnyang'anya. Kila asubuhi ya upasuaji, daktari alipokuwa akinawa mikono hadi kwenye viwiko, alimgeukia Mzee Mvuke mlangoni na kuuliza kama vyombo viko tayari. Mzee akisema viko tayari, watu wanaingia kazini. Akisema bado, wote wanasubiri, daktari na digrii zake akiwemo. Hakuna karatasi iliyompa mamlaka hayo. Yalikuja yenyewe, yakakaa.

Ndiyo maana sista msimamizi wa chumba cha upasuaji alipoingia na fungu la karatasi kwapani, mzee alizitazama karatasi kabla ya kumtazama yeye.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo karatasi zote za nini? Unafungua duka la maandazi?"

Sista akacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa miguu, mkali wa macho, lakini mwenye ulimi laini kwa wazee. "Wakaguzi wanakuja wiki hii. Mganga mkuu anataka utaratibu sanifu wa kusafisha na kutakasa vyombo. Hatua moja moja, kwa namba, na kila hatua ionyeshe mhusika ni nani. Bila huo, chumba kinaweza kufungwa."

"Utaratibu upo. Umo humu." Akajigonga kipaji cha uso.

"Ndiyo tatizo, Baba. Wakaguzi hawawezi kukipasua hicho kichwa waangalie ndani."

"Wangeweza, wangepasua. Na vyombo vya kukipasulia ningevisafisha mimi!"

Wakacheka wote, ila mzee alicheka kidogo kuliko alivyokusudia. Alifungua kabati akatoa rundo la vipande vya makasha ya glavu, nyuma yake ameandika kwa kalamu ya wino mnene: jinsi ya kulegeza mikasi, nini kiloweke, nini kisiloweke, mashine inapangwaje. Vingine alivibandika ukutani, vingine vimepata madoa ya sabuni. Ongeza na maelezo ya wauguzi waliyoyaandika wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, na mawili matatu yaliyonakiliwa kutoka semina. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani.

Walikaa kuyapanga. Sista alikaa, mzee hakukaa. Alisimama, akaenda sinki, akarudi, akafungua bomba pasipo haja, akalifunga.

"Hatua ya kwanza," alisema mzee, "loweka kwenye maji ya klorini. Andika."

Sista hakuandika. "Hapo ndipo pa kubadilisha, Mzee. Klorini kabla ya kuosha haifai tena."

"Haifai kwa nani? Tumeloweka klorini miaka na miaka. Semina ngapi zimekuja hapa na mabango yake, zote zikisema klorini kwanza? Walitupa hata ndoo!"

"Walitupa. Na sasa wamejua zaidi." Akainuka, akachukua koleo moja kwenye sinia, akaliweka chini ya taa. "Angalia hapa kwenye bawaba. Unaona vishimo? Klorini inakula chuma. Damu inajificha kwenye vishimo hivyo, halafu mvuke haufiki. Na klorini yenyewe ikikutana na damu nyingi inachoka kabla haijafanya kazi. Tena inaigandisha damu kwenye chuma. Kisichosafishwa hakitakasiki. Kwanza tunakiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ndipo mvuke umalizie."

Mzee alilitazama lile koleo muda mrefu. Aliviona vile vishimo. Alikuwa ameviona zamani, akadhani ni ubovu wa vyuma vya siku hizi. Sasa alielewa kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyovitoboa, akiwa anafuata bango, na jambo hilo lilimkera kuliko kama angekuwa amekosea kwa uzembe.

"Basi futa klorini," alisema. "Lakini maji yasiwe ya moto. Ya moto yanapika damu kama yai."

"Hilo nimeshaliandika, umeliandika wewe mwenyewe kwenye kasha hili. Na hili la kusugua chombo kikiwa chini ya maji, nimelichukua vilevile."

"Ukisugua juu ya maji, matone yanakurukia usoni. Mwenzangu wa zamani alikuwa anasugua hewani kama anayepiga zeze."

Kazi ikaendelea hivyo, kwa kuvutana na kutaniana. Hatua ya kwanza ikawa ya chumba cha upasuaji chenyewe: muuguzi wa meza atoe visu na sindano, apanguse damu, afunike vyombo kwa kitambaa kibichi ili damu isikaukie. Ya pili, mhudumu avibebe kwenye chombo chenye mfuniko. Ya tatu, avae glavu nene, aproni, barakoa, miwani na buti. Ya nne, afungue kila bawaba na kutenganisha kila kinachotenganishwa. Kisha kuloweka kwenye sabuni, kusugua, kusuuza, kukausha. Hatua ya tisa, muuguzi akague chini ya taa. Ya kumi, afungashe kwa vitambaa viwili, katikati karatasi ya kipimo inayogeuka rangi mvuke ukiifikia, nje utepe unaotoa mistari myeusi ukipata joto. Ya kumi na moja, mhudumu apange mashine: vifurushi visibanane, mabakuli yalazwe ubavu, na kifurushi kidogo cha majaribio kiwekwe chini karibu na tundu la kutolea hewa, mahali ambapo mvuke unachelewa kufika kuliko kwingine kote. Ya kumi na mbili, aiendeshe mashine, nyuzi mia moja ishirini na moja kwa nusu saa kamili, saa isianze kuhesabiwa mpaka joto lifike. Ya kumi na tatu, vikauke na vipoe humo humo, maana kifurushi chenye unyevu ni njia ya vijidudu.

Walipofika ya kumi na nne, sista aliinua kalamu akatulia.

"Soma," alisema mzee.

"Kufungua kifurushi cha majaribio, kusoma karatasi ya kipimo, kuangalia rekodi ya mashine na utepe, na kuruhusu vyombo vitumike."

"Na mhusika?"

Sista aliitazama karatasi. "Mwongozo uliotoka juu unasema awe mtaalamu aliyesajiliwa. Muuguzi."

Mzee Mvuke alienda dirishani. Nje hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ukuta na bomba la maji machafu, lakini aliutazama ukuta ule kama unamwambia jambo. Alirudi, akapanga vibano ambavyo vilikwisha pangwa.

"Kwa hiyo mimi ni wa sinki."

"Sijasema hivyo, Baba."

"Karatasi imesema. Naosha, nakausha, napika, halafu binti aliyemaliza chuo juzi anakuja kuniambia kama nimepika vizuri. Daktari akiniuliza mlangoni nitamwambia nini? Subiri mtoto aje?"

Sista alimheshimu mzee huyu. Siku ya kwanza aliyofika pale akiwa mwanafunzi, akitetemeka, yeye ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kushika sinia bila kupiga kelele. Hakupenda kumwona akipanga vibano vilivyopangwa. Akainamisha kichwa, akaandika kwa haraka: *Mhusika: mhudumu na muuguzi.*

"Umeridhika?"

Mzee aliisogelea ile karatasi, akasoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza. Neno lake lilikuwa la kwanza. "Hapo umetenda haki," alisema.

Nyumbani siku hiyo alishindwa kutulia. Mkewe alikuwa akipepeta mchele uani, naye akawa anazunguka kutoka mlango hadi kwenye kamba ya nguo, anarudi.

"Baba watoto, umekalia siafu?"

"Nipo tu."

"Upo tu wapi? Umeshaipita hii kamba mara ishirini. Mwisho utajianika."

Alimweleza habari ya karatasi. Mkewe akasikiliza huku akipuliza makapi.

"Sasa kama jina lako limo, unanung'unika nini?"

Jina lake lilikuwamo, ni kweli. Lakini kabla ya jina hilo kuandikwa, kazi ile ilikuwa yake bila kuandikwa. Sasa ilikuwa yake kwa sababu mtu kaandika, na aliyeandika anaweza kufuta. Akaitazama kamba ya nguo, akaipita tena.

Siku ya majaribio ilifika. Sista alitaka utaratibu mpya ufuatwe kama ulivyo kabla wakaguzi hawajaja, ili waone kinachokwama. Karatasi ilibandikwa ukutani ndani ya mfuko wa plastiki, safi, yenye namba. Vipande vya makasha ya glavu vilikuwa vimebanduliwa, na ukuta ulibaki na alama nyepesi pale vilipokuwa. Mzee Mvuke aliuona ukuta ule, akahisi kama amevuliwa shati.

Asubuhi hiyo kulikuwa na wagonjwa wawili. Wa kwanza alikuwa seremala mwenye ngiri, mtu mnene wa maneno mengi aliyewaambia wauguzi kwamba kama wanamkata wafuate mstari, asije akatoka na mguu mmoja mfupi kama stuli. Daktari alitaka seti mbili za vyombo kwa pamoja. Mzee aliosha, akasugua, akakausha. Muuguzi wa zamu, binti mwenye nywele zilizosukwa vizuri na miwani mikubwa, alikagua chini ya taa, akafungasha. Mzee akapanga mashine.

Na kichwa chake hakikuwa pale. Kila alipoinua macho aliiona karatasi ukutani, namba zikimtazama. Alikuwa akibishana nayo kimoyomoyo. Seti mbili hazikutosha vizuri, akazisukuma. Bakuli la chuma lilikataa kukaa ubavu, akalilaza chali juu ya sinia la chini, akalikandamizia kifurushi kingine. Hayo asingeyafanya siku nyingine hata kwa bunduki. Kifurushi cha majaribio alikiweka chini karibu na tundu, kama inavyotakiwa. Akafunga mlango, akakaza gurudumu.

Mashine ilipumua. Mshale wa presha ulipanda ukafika pake. Muda ukaisha. Vyombo vikakauka na kupoa. Mzee akafungua, akavitoa, akavipanga kwenye toroli. Utepe wa nje ulikuwa na mistari myeusi kwenye kila kifurushi, mizuri kabisa. Kifurushi cha majaribio alikiweka pembeni ya toroli.

Siku zote, hapo ndipo angekichukua na kukifungua papo hapo, mkono ukienda wenyewe bila kuulizwa. Lakini sasa aliitazama karatasi. Mhudumu na muuguzi. Akasema moyoni, haya, kama mnasema ni wa wawili, basi na huyo wa pili aje afanye. Nisije kuambiwa nimemdharau mtaalamu. Akanawa mikono na kutoka nje kupunga hewa.

Muuguzi wa zamu aliingia, akaona toroli tayari, utepe una mistari, rekodi ya mashine imejazwa, presha imeandikwa. Alijua mzee huyu hajawahi kuachia toroli bila kukagua tangu yeye hajazaliwa. Kumfungulia kifurushi mtu kama huyo ingekuwa kama kumkagua babu yake mifukoni. Akalisukuma toroli.

Seremala alikuwa amelazwa mezani, bado hajachomwa sindano ya ganzi, bado anaongea. Daktari alikuwa amenawa. Muuguzi wa meza akafungua sinia la kwanza, akatazama karatasi ya kipimo iliyokuwa katikati ya vyombo, akaigeuza.

"Vipi?" daktari aliuliza.

"Haijabadilika, daktari. Imebadilika upande mmoja tu. Huku ni kama ilivyoingia."

Wote wakageuka kuitazama, ila seremala. "Mkasi umepotea?" akauliza. "Nina mmoja nyumbani, lakini una kutu."

Hakuna aliyecheka. Walimwambia kuna jambo la vyombo, wakamsukuma kumrudisha wodini, naye akaenda akiuliza kama akirudi atakatwa bure. Sinia la pili nalo likafunguliwa: vilevile.

Mzee Mvuke alisikia magurudumu ya kitanda yakitoka. Kitanda kinachotoka mapema namna ile kina habari mbaya. Aliingia ndani mbio, na kwenye toroli tupu lililorudishwa kutoka chumba cha upasuaji, pembeni kabisa, kilikuwapo kile kifurushi kidogo cha majaribio. Bado kimefungwa. Hakuna mkono uliokigusa.

Sista alikuja na daktari nyuma yake, daktari amevua glavu, mishipa ya shingo imemsimama.

"Nani alikifungua kifurushi cha majaribio?"

Muuguzi wa zamu akamtazama mzee. Mzee akamtazama muuguzi wa zamu.

"Mimi nilijua Mzee ameshaangalia," alisema binti, sauti imekatika.

"Na mimi nilijua unakuja kuangalia wewe," alisema mzee.

"Yaani mlikuwa wawili na hakuna hata mmoja!" daktari alifoka. "Ningemkata mtu kwa vyombo ambavyo havijaiva! Mzee, wewe ndiye nilikuwa nikikutegemea. Nilikuwa nakutegemea kuliko mashine."

Neno hilo lilimwingia mzee vibaya kuliko tusi. Alikichukua kile kifurushi, akakifungua. Karatasi ya kipimo ilikuwa kama ilivyoingia, nusu yake haina hata kivuli. Ilikuwa imekaa pale ikisema ukweli wote, na hakuna aliyeiuliza.

Daktari alipoondoka, na binti naye amekwenda kulia chooni, mzee alianza kutembea. Kutoka sinki hadi mashine, kutoka mashine hadi mlango. Sista alimwacha.

"Ni mimi niliyepanga vibaya," alisema mwisho. "Niliweka bakuli chali, limejaa hewa. Nikabananisha. Hewa haikupata pa kutokea, ikashuka chini, mvuke haukufika. Presha ikapanda, lakini ilikuwa ya hewa na mvuke pamoja. Mshale wa presha haujui tofauti."

"Hayo yanarekebishika, Baba. Ndiyo maana kifurushi kile kipo."

"Kipo, na hatukukifungua."

Sista alivuta kiti, akakaa, akajifuta uso kwa kiganja. "Hilo ni langu. Mwongozo ulisema mmoja. Mimi nikaandika wawili."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sema."

"Sikutaka kukuvunjia heshima."

Mzee alisimama. "Ulinihurumia."

"Nilikuheshimu."

"Ungeniheshimu ungeniambia hapana, kama ulivyoniambia kwenye klorini. Pale uliniambia hapana nikakasirika, nikaenda nyumbani nikakasirika tena, lakini koleo halitaliwa tena. Hapa umenipa kitu nusu. Na mimi nilikipokea. Nilikipokea kwa furaha, mjinga mimi."

Akaanza tena kutembea. Nje kulikuwa na mtu anafagia uwanja, ufagio ukisugua saruji bila kuchoka.

"Futa," alisema. "Andika mmoja."

Sista aliinua karatasi, akachukua kalamu. "Nikuandike wewe? Naweza kwenda kwa mganga mkuu. Nitamwambia upewe mafunzo rasmi, cheti kitafuata. Wakaguzi watabisha, lakini nitapigana nao. Nakuambia kweli, Mzee, sikufariji. Kama unaitaka hatua hii, nitaigombania."

Mzee alitamani. Hakuna kitu alichotaka katika maisha yake yote yaliyobaki kuliko neno lake moja kwenye mstari ule, peke yake, bila "na" katikati. Aliweza kusema ndiyo, na sista angekwenda. Alimjua, asingerudi nyuma. Aliingiza mikono mfukoni, akaitoa, akazishika kingo za sinki.

"Nani anapanga mashine?"

"Wewe."

"Basi asiruhusu aliyepanga. Leo nilipofungua ule mlango nikaona mistari myeusi kwenye utepe, nilijipenda. Niliona kazi yangu, sikuona vyombo. Kama ningekifungua kifurushi kile, Mungu anajua ningejitafutia sababu gani. Labda ningesema taa ni hafifu." Akaliachia sinki. "Mpe binti. Mpe peke yake. Na umwambie, kama mimi nikimwambia viko tayari, asinisikilize."

Sista aliandika polepole. *Mhusika: muuguzi wa zamu.* Kalamu ilikwaruza karatasi, na mzee alisimama pale akisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba yake ukifungwa kwa ufunguo wa mtu mwingine.

"Na ongeza," alisema. "Asipofika, toroli halitoki. Hata daktari apige kelele."

Vyombo vilirudi mwanzo kabisa: vikafunguliwa, vikakaguliwa, vikafungashwa upya kwa vitambaa vingine na karatasi nyingine za kipimo, maana kilichoshindwa hakirudishwi mashineni kama kilivyo. Safari hii mzee alipanga seti moja tu, ya seremala. Bakuli alilaza ubavu, akaacha nafasi inayopita mkono. Mashine ikapumua, ikamaliza, vikapoa. Akavitoa.

Daktari alikuwa tayari amenawa tena, mikono juu, maji yakichuruzika viwikoni. Seremala alikuwa mezani, ameanza upya hadithi zake. Daktari alichungulia mlangoni.

"Mzee, leta toroli."

Binti alikuwa hajafika. Ameitwa wodini mara moja. Kifurushi cha majaribio kilikuwa juu ya toroli, karibu kabisa na mkono wa mzee. Vidole vilimwasha. Aliviingiza kwenye mfuko wa aproni.

"Siwezi, daktari."

"Hujaangalia?"

"Si wangu kuangalia."

"Mzee, usinifanyie kiburi. Mgonjwa yuko mezani."

"Si kiburi, daktari. Ni namba kumi na nne. Iko ukutani, unaweza kusoma ukiwa umeinua mikono hivyo hivyo."

Daktari alivuta pumzi kana kwamba anataka kupasuka, akaisoma karatasi, akaitoa pumzi. Akabaki amesimama mikono juu, naye mzee amesimama mikono mfukoni, kama watu wawili walioambiwa wasiguse kitu. Mzee alibadili mguu, akarudi mguu wa kwanza.

Binti aliingia akihema. Hakumtazama mzee usoni. Alinawa, akakifungua kifurushi cha majaribio, akaivuta karatasi ya kipimo, akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaiinua tena. Akachukua rekodi ya mashine, akafuata mstari kwa kidole. Akagusa vifurushi kimoja kimoja kutafuta unyevu. Alichelewa. Alichelewa mno, mzee angekwisha maliza mara tatu. Kisha akatia sahihi yake.

"Viko tayari, daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini toroli likaenda.

Mlango ulifungwa. Mzee Mvuke alibaki na mashine iliyokuwa ikipoa na sinki lenye maji ya sabuni. Binti alibaki naye, hajui aondoke au akae.

"Mzee, umenikasirikia?"

"Nimekasirika," alisema. "Si lazima iwe kwako."

Akavaa glavu nene, akaanza kusugua bakuli lililokuwa chini ya maji. Brashi ilikuwa imeisha, manyoya yamelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Haiwezi kuingia kwenye bawaba. Aliitoa majini akaiangalia, kisha akageuka akaiangalia karatasi ukutani, akaisoma kutoka juu mpaka chini, midomo ikicheza.

"Hebu njoo, mwanangu," alisema. "Brashi ikichakaa, hapa pameandikwa nani anaibadilisha?"

Binti aliisogelea, akasukuma miwani juu ya pua, akatafuta.

"Hapajaandikwa, Mzee."

"Hapajaandikwa," alirudia mzee, naye akatupa brashi kwenye pipa kwa hasira, akaanza kufungua makabati, moja baada ya jingine, akitafuta nyingine. "Kamwite sista. Na mwambie aje na kalamu."